Bili isikae shingoni mwa serveze

Swali la wiki: "Mteja akimsumbua mfanyakazi, mwenye biashara anapaswa kufanya nini? Tuandikieni."

Mimi nimefanya kazi ya serveze kwenye baa za hapa Lubumbashi, kwanza komini ya Kamalondo kisha komini ya Kenya, na sasa nasimamia wengine, kwa hiyo nitaanzia kwa makuta. Baa nyingi nilizopita, mteja akiondoka bila kulipa, deni linakatwa kwenye mshahara wa serveze, tunaita manko. Sasa mtu amekaa kona na marafiki zake, wamemaliza kreti ya Simba, anamshika binti mkono anamwambia keti hapa kwanza ndo nilipe. Binti atatoka vipi na ile bili iko juu yake? Anaketi. Jeran anamuona toka kontwari anasema vumilia dada, huyo ni kliyanti mkubwa, halafu kesho watu wanasema eti binti mwenyewe alitaka. Hakutaka, alikuwa analinda mshahara wake!

Kwa hiyo patro aondoe manko kwanza, bila hiyo mengine yote ni maneno tu. Mkono ukishikwa, jeran mwenyewe aende mezani achukue ile bili, amwambie mteja wazi mbele ya wenzake kwamba akirudia anatoka, na akirudia kweli atoke, na kama hakulipa basi hasara ni ya nyumba. Binti apewe meza ingine inayoleta purbwari sawa na ile, asipelekwe kuosha glasi jikoni kama vile yeye ndiye mkosaji. Usiku uleule iandikwe kwenye daftari: saa, meza, maneno yaliyosemwa, nani aliona, jeran alifanya nini. Bila daftari, mteja akirudi wiki ijayo na jeran mwingine yuko zamu, inaanza upya.

Mapatro wanapenda kusema mteja si mfanyakazi wangu, simwezi. Ni kweli sheria ya kazi ya Kongo, Kodi ya Kazi ya 2002, kifungu cha 73, inamtaja patro anayevumilia matendo kama hayo yakifanywa na wafanyakazi wengine, mteja hatajwi pale. Lakini kifungu cha 55 kinamtaka ahakikishe kazi inafanyika katika hali inayolinda usalama, afya na heshima ya mfanyakazi, na hakisemi heshima ivunjwe na nani. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, ndio unaingiza hata watu wa nje kama wateja.

Patro akitaka kujua kama kwake kuna shida asingoje malalamiko, maana hayatakuja. Aangalie meza gani maserveze wanabadilishana kila mara, au mtu gani akiingia wanaenda wawiliwawili. Na aangalie saa ya kufunga, kwa sababu mteja aliyefukuzwa saa nne anaweza kuwa nje anangoja saa sita, wakati taksibisi hakuna tena, na hapo patro alipe taksi ya kumfikisha binti mpaka kwao, hata kama anakaa Katuba.