Mizania: faida ipo 25 ila keshi ni 5, imekaaje?

"Wakuu, ndo naanza kusoma mizania, hapa naona faida limbikizi 25 ila keshi ni 5 tu. Hiyo 20 imeenda wapi?"

Mkuu haijaenda popote, ila unaitafuta upande usio wake. Upande wa mtaji na madeni unakwambia pesa ilitoka kwa nani, upande wa mali ndo unakwambia saa hizi imekaa kwenye nini, kwa hiyo faida limbikizi ni faida ambayo wenye hisa hawajagawana, sio pesa iliyopo droo.

Chukulia kampuni yako iko hivi: keshi 5, wadaiwa 25, stoku 20, mashine na jengo 50, jumla 100. Huku kwingine madeni ya muda mfupi 40, mkopo mrefu 20, hisa 15, faida limbikizi 25, nayo 100. Ile faida ishageuka mashine, stoku, na wateja ambao hawajalipa.

Sasa usiishie hapo, angalia mali za muda mfupi, yaani keshi, wadaiwa na stoku, jumla 50, dhidi ya madeni ya kulipwa ndani ya mwaka, 40. Inaonekana poa eeh? Toa stoku maana lazima kwanza iuzwe, unabaki na 30 kwa 40, na hiyo 30 yenyewe 25 iko mikononi mwa wadaiwa, wakichelewa tu mshahara unakwama na faida ipo kwenye karatasi. Mi naanzaga hapo kila nikifungua mizania. Halafu cheki tarehe juu, ni picha ya siku hiyo moja tu.