Alama 9 mzima, alama 11 mgonjwa?

"Mke wangu alijaza fomu kliniki, akapata alama 9, akaambiwa hana sonona. Baada ya wiki tatu kapata 11, sasa anayo. Kaugua lini? Niko Likoni."

Ndugu yangu, hapo katikati pengine hakuna kilichobadilika sana. Fomu hiyo, PHQ-9, ina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Mstari umewekwa kwenye 10 ili mhudumu ajue nani wa kuchunguzwa zaidi. Huzuni yenyewe hupanda na kushuka kama maji ya kivuko: kukosa usingizi siku mbili zaidi kunaweza kutosha kumvusha mstari. Na fomu pekee haithibitishi ugonjwa. Lazima daktari azungumze naye.

Jina "sonona" lina faida: linafungua mlango wa matibabu, na mkeo haitwi mvivu tena. (Mimi shangazi zangu walinyamaza siku niliyopata jina.) Lakini hupotosha pia. Vigezo vinataka dalili 5 kati ya 9 kwa wiki mbili, hivyo wagonjwa wawili wanaweza kufanana dalili moja tu. Mmoja halali, mwenziwe analala mchana kutwa.

Kwa hiyo omba kuona majibu yake, swali kwa swali. Muulize daktari kuhusu tezi ya shingo na upungufu wa damu, maana uchovu wa magonjwa hayo hufanana na wa sonona. Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, likiwa hata na alama 1, mrudisheni leo, jumla iwe yoyote.