Tangazo Nililoweka Kwenye Kundi la Mtaa Kuhusu Uvumi

Msomaji mmoja anayesimamia kundi la WhatsApp la mtaa wake huko Mwanza ameniomba nakala ya tangazo nililowaandikia majirani zangu hapa Dar es Salaam kuhusu uvumi na ujumbe wa "sambaza kwa watu kumi". Nampa kwa furaha, na nakiri kwamba najivunia tangazo hilo, ingawa siku nilipoliweka jirani mmoja aliniuliza mbele ya wote kama nimeteuliwa kuwa TCRA ya mtaa. Sijamjibu hadi leo.

Kilichonisukuma ni ujumbe uliosema kuwa Noah nyeupe inapita mitaani ikiteka watoto, kwamba jana wamechukuliwa watatu, na kwamba mzazi mwenye huruma ausambaze. Kesho yake fundi wa majokofu aliegesha Noah yake nyeupe karibu na shule ya chekechea, na kabla hajashusha vifaa vyake vijana wa kijiweni walikuwa wamemzunguka, mmoja ameshika tofali. Balozi wetu alifika mapema, vinginevyo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Niliufuatilia ujumbe ule kwa simu. Mama aliyeuleta aliupata kwenye kundi la vikoba, aliyeuleta huko aliupata kwa shemeji yake Morogoro, na shemeji alikuwa nao tangu wiki kadhaa nyuma, ukiwa na maneno yale yale, "jana wamechukuliwa watatu". Haukuwa na tarehe, jina la mtaa wala namba ya gari, na ndiyo maana uliweza kusafiri mkoa hadi mkoa bila kuchakaa. Kila aliyeupokea aliamini kuwa jana hiyo ni ya kwake.

Kwa hiyo sharti la kwanza niliandika hivi: "Ndugu wanamtaa, kuanzia leo taarifa yoyote ya hatari itaje aliyeona, mahali, tarehe na saa, na kama imeripotiwa kwa balozi, ofisi ya serikali ya mtaa au polisi kwa namba 112. Kama hukuona mwenyewe, mwombe aliyeona aandike yeye." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu uvumi hauna mtu wa kwanza, na ukimtafuta utaishia kwa shemeji wa mtu.

Sharti la pili linahusu mishale miwili. WhatsApp huweka alama hiyo juu ya ujumbe uliokwisha kusambazwa kwa mkono baada ya mkono mara tano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa kwenye zaidi ya soga moja kwa wakati mmoja. Kwetu, chenye mishale miwili hakiwekwi kundini. Kinatumwa kwanza kwa msimamizi. Hata hivyo alama hiyo haithibitishi kuwa ujumbe ni wa uongo, na mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, mishale inapotea. Kwa sababu hiyo sharti la kwanza linabaki juu ya la pili.

Wasimamizi wengi hukosea hapa: wanafuta ujumbe na kunyamaza. Ni kweli msimamizi anaweza kuufuta kwa wote, lakini aliyekwisha kuusoma anabaki na hofu, na nakala iliyokwenda kundi jingine huwezi kuigusa. Mimi hufunga kundi kwa muda ili wasimamizi pekee waandike, nampigia balozi, kisha naandika masahihisho mafupi yanayoanza na ukweli: "Hakuna mtoto aliyetekwa mtaani kwetu. Balozi amethibitisha leo saa 4 asubuhi." Usianze kwa kurudia uvumi, maana wapo wanaosoma mstari wa kwanza tu. Baada ya hapo nafungua kundi.

Kuhusu sheria, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamlenga anayechapisha habari akijua ni za uongo, kwa nia kama ya kupotosha umma, na faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Nilikitaja mwishoni kabisa. Mama wa vikoba hakujua kuwa ni uongo, aliogopa tu, na ukimtishia jela mtu mwenye hofu atahamisha uvumi wake kwenye kundi usilolisimamia wewe.

Anayekiuka anaonywa faraghani. Akirudia, anatolewa kwa mwezi mmoja, hata akiwa mwenye nyumba wako. Nakuambia hili kwa ukali kwa sababu najua utaanza na mpangaji. Na tangazo lenyewe libandike kwenye maelezo ya kundi, kwa kuwa likibaki kati ya soga litafukiwa na salamu za asubuhi kabla ya Ijumaa.