Slaidi za malaria: maneno yanapozidi kisanduku

"Natafsiri slaidi za mafunzo ya malaria kwa wahudumu wa zahanati. Kiswahili kinamwagika nje ya kisanduku. Na mRDT niitafsiri?"

Ndugu, kinachorefusha mara nyingi ni majina ya kitendo yaliyofungwa kwa "wa" na "ya". Tazama hii: "Utekelezaji wa uthibitishaji wa ugonjwa wa malaria kabla ya utoaji wa matibabu." Maneno 12! Rudisha kitenzi na umwamrishe mhudumu: "Pima malaria kabla ya kutibu." Yamebaki 5, na anajua la kufanya.

mRDT iache, kwa sababu ndiyo atakayoikuta kwenye rejesta. Slaidi ya kwanza andika "kipimo cha haraka cha malaria (mRDT)", kisha mRDT tu hadi mwisho. Usichanganye "kipimo" na "kipimio", msomaji atadhani ni vitu viwili.

Katika PowerPoint, chagua "Do not Autofit" kabla ya kuanza. "Shrink text on overflow" hupunguza herufi kimyakimya, slaidi moja ikawa na 24 na nyingine 16. Sentensi ikizidi hata baada ya kufupishwa, ipeleke kwenye maelezo ya mkufunzi chini ya slaidi.