Waifai haifike kwa televizio ya nyuma: meshi ao pawalaini?

Fundi, modemu iko mu salo, televizio iko mu chumba ya nyuma, ukuta zote ni mawe ya volkano. YouTube inazunguka tu. Ninunue nini? (Himbi, Goma)

Usinunue kitu bado mama. Shika simu, fungua fast.com karibu na modemu, kisha uifungue tena pale televizio iko. Ukipata 18 mu salo na 2 kule nyuma, basi ni ukuta njo inakula waifai. Lakini kama hata mu salo ni 3, shida pengine ni abonema ao mtandao yenye inaingia kwa modemu, meshi na pawalaini hazitaongeza ile. Filamu ya HD inaomba kama megabiti 5 kwa segonde, 4K inaomba 15. Kwa ukuta ya mawe mimi ningeanza na pawalaini, juu inapitisha mtandao mu nyaya za kuran na ukuta haimuhusu; meshi yenyewe inarudisha waifai kwa hewa.

Nimenunua pawalaini mbili, zinawaka lakini hazionane. Nimechomeka kwa stabilizateri juu kuran yetu inapandaka na kushuka. (Keshero)

Ni ile stabilizateri. Pawalaini inatuma alama ya masafa ya juu mu waya, na stabilizateri ao ralonji yenye filta inaizuia sawa vile inazuia uchafu wa kuran. Zote mbili zinaomba prizi ya ukuta yenyewe, televizio ibakie kwa stabilizateri yake, na pawalaini uzitoe wakati wa delestaje maana kuran ikirudi inaweza kuruka na kuzichoma. Kwanza zichomeke mu salo prizi jirani, finya kibonyezo cha kuunganisha kwa moja, kisha kwa ingine mbele dakika 2 zipite. Zikionana pale, vifaa ni bien, peleka moja chumba ya nyuma. Zikipotezana kule tu, angalia kama ile chumba inakula kwa konteri ingine ao kwa inverta ya pano, nyaya zao hazikutane, na hapo pawalaini utairudisha dukani tu. Usitegemee namba ya kartoni pia: wanaandika 600, unapata pengine 60, na kwa filamu inatosha kabisa.

Niko na meshi mbili, ya pili niliiweka nyuma ya televizio, bado inakatika. (Nguba, Bukavu)

Itoe pale kaka. Ile ya pili inarudisha paka kile inasikia, na mahali waifai imekufa haisikie kitu. Iweke mu korido, nusu ya njia, pale simu bado inashika modemu vizuri, milango ikiwa wazi. Meshi ya bei ndogo inapokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo kama ulipata 18 kwa modemu, inaweza kushuka mpaka 8 ao 9, usishangae, HD itapita. Kama korido iko karibu na chumba, vuta kebo kutoka ile meshi mpaka televizio.

Kuran ikienda? (Ndosho)

Modemu na meshi zote kwa inverta, itaendelea. Pawalaini ni ngumu: ncha zote mbili zikule kwa inverta moja, mu nyaya zilezile.