Runinga inayojiwasha saa nane usiku: mtafute anayeiamsha

Mama mkwe alipokuja kututembelea mwaka jana tulimtandikia godoro sebuleni, kwa sababu chumba cha wageni kilikuwa kimejaa mizigo. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, kwenye saa nane hivi, nikasikia ananiita kwa sauti ya chini kama mtu aliyeona nyoka: "Baba Neema, hebu njoo. Hii runinga yenu imejiwasha." Nilimkuta amekaa kitako, kanga begani, runinga inang'aa na saundbaa inaguguma. Rimoti ilikuwa juu ya kabati, hakuna aliyeigusa.

Nilizima, nikamwambia ni mambo ya umeme. Hakuniamini, na kwa kweli hata mimi sikuwa na jibu kamili. Umeme kurudi haukutosha kuwa sababu, maana runinga yetu ikizimwa kwa rimoti halafu umeme ukakatika, ukirudi huwa inabaki na taa nyekundu tu. Kuna kitu kiliiamsha. Nilitumia Jumamosi nzima kukitafuta, na nikajifunza mengi kuhusu CEC, njia ambayo vifaa vilivyounganishwa kwa HDMI hutumia kuamrishana, kuliko nilivyopanga.

Huenda unayo CEC nyumbani bila kulijua jina hilo, kwa sababu kila kampuni imeibatiza upya. Kwenye Samsung utaona `Anynet+`, LG wanaiita `SIMPLINK`, Sony `BRAVIA Sync`, Philips `EasyLink`. Yote ni kitu kimoja. Kiunganishi cha HDMI kina pini 19, na nyingi zinashughulika na picha na sauti. Pini ya 13 haibebi picha wala sauti. Ni waya mmoja wa maongezi ya CEC, na ndani ya runinga pini za 13 za matundu yote zimeunganishwa pamoja. Kwa hiyo saundbaa, boksi la Android na PlayStation vyote vimeshika waya uleule, na kimoja kikisema jambo, vingine vyote vinasikia.

Waya huo ni wa polepole sana. Unapitisha takriban biti 400 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe wa baiti nne unachukua karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana ukipandisha sauti ya saundbaa kwa rimoti ya runinga, mara nyingine unabonyeza na sauti inakuja nyuma kidogo.

Hapo ndipo rimoti moja inapopata nguvu ya kuendesha vifaa vingine. Rimoti ya runinga haiongei na boksi hata kidogo. Inaongea na runinga peke yake, kama siku zote. Runinga ikiona umebonyeza mshale wa juu wakati unaangalia boksi, inatuma ujumbe kwenye pini ya 13: "kitufe cha juu kimebonyezwa". Ukiachia kidole, unatumwa wa pili kwamba kimeachiwa. Vitufe vya sauti havipelekwi kwa boksi, vinapelekwa kwa saundbaa. Na runinga ndiyo inayoamua kitufe kipi ipitishe na kipi ibaki nacho. Mishale na kitufe cha kukubali hupita karibu kila mahali, lakini kitufe cha nyumbani runinga nyingi hukitumia zenyewe kufungua menyu yao. Kwa hiyo usishangae rimoti ikiendesha nusu ya boksi na nusu nyingine ikagoma. Haijaharibika.

Ili maongezi hayo yawezekane, kila kifaa kina anwani mbili. Moja ni ya kazi yake: runinga ni 0, mfumo wa sauti ni 5, na vifaa vya kuchezea picha hugombea 4, 8 na 11. Kinachowaka kwanza huita "kuna mtu kwenye 4?", kisipojibiwa kinakaa hapo, na kinachofuata huchukua 8. Anwani ya pili ni ya mahali kilipochomekwa. Tundu la HDMI 1 ni 1.0.0.0, la pili ni 2.0.0.0, na kadhalika. Hii ya pili ndiyo iliyonisaidia kumkamata mwizi.

Kwangu saundbaa iko HDMI 1, boksi la Android HDMI 2, na PlayStation 4 ya watoto HDMI 3. King'amuzi nilikitoa kwenye mashaka mapema kwa sababu chetu kimeunganishwa kwa waya za rangi tatu za zamani, ambazo hazina CEC.

Jaribio la kwanza halikuhitaji chombo chochote. Mchana kweupe nilizima runinga kwa rimoti, nikahakikisha taa nyekundu imewaka, kisha nikazima swichi ya ukutani inayolisha ekstensheni yote. Nikasubiri dakika moja, nikawasha. Runinga ikarudi na taa nyekundu, kimya. Boksi likaanza kuwaka lenyewe, maana halina kitufe cha kuwashia, likipata umeme tu linaamka. Baada ya kama nusu dakika runinga ikawaka, na muda mfupi baadaye saundbaa nayo. Nikarudia nikiwa nimechomoa waya wa HDMI wa boksi. Runinga ikabaki imelala.

Kama huna muda wa kuhangaika zaidi, jaribio hilo linatosha: chomoa kimoja kimoja, zima na uwashe swichi, uone ni kipi kikiondoka runinga inatulia. Mimi nilitaka kusikia maneno yenyewe. Nina Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, na tundu lake la HDMI lina CEC, jambo ambalo kompyuta nyingi za kawaida hazina. Niliiweka kwenye HDMI 3 mahali pa PlayStation, nikailisha kwa pawabenki ili isizimike pamoja na vingine, nikaandika:

```
sudo apt install cec-utils
cec-client
```

Nikazima swichi na kuiwasha tena. Kati ya mistari mingi iliyopita, hii miwili ndiyo iliyobeba habari:

```
>> 4f:82:20:00
>> 5f:72:01
```

Kuisoma si kazi. Katika mstari wa kwanza, 4 ni msemaji, yaani kichezeshi cha kwanza. Herufi f maana yake anawaambia wote. Namba 82 ni tangazo la "mimi ndiye ninayeonyeshwa sasa", na 20:00 ni anwani ya mahali, 2.0.0.0. HDMI 2. Boksi. Mstari wa pili ni saundbaa, namba 5, ikiwatangazia wote kwamba sauti sasa inatoka kwake.

Kisa kizima kikajipanga. Boksi likimaliza kuwaka hudhani kuna mtu amelibonyeza, kwa hiyo hufanya linalofanya siku zote mtu akiliwasha: huiambia runinga "onyesha picha", kisha hutangaza kwamba lenyewe ndilo linaloangaliwa. Runinga iliyolala kwa taa nyekundu bado inasikiliza pini ya 13, ikisikia inaamka na kuhamia HDMI 2. Ikishaamka inaitafuta saundbaa. Boksi haliwezi kutofautisha kidole cha mtu na umeme uliorudi saa nane usiku.

Dawa ambayo watu wengi hukimbilia ni kuzima CEC yote kwenye runinga. Mimi sikushauri. Ukiizima hapo unapoteza uwezo wa kuendesha vyote kwa rimoti moja, na kama saundbaa yako inapata sauti kupitia tundu lililoandikwa `ARC`, kuna uwezekano mkubwa sauti nayo ikakatika, kwa sababu runinga na saundbaa hukubaliana kuhusu ARC kupitia CEC hiyohiyo. Nyamazisha sentensi moja ya kifaa kimoja. Kwenye boksi langu menyu ya `HDMI CEC` ina mistari kadhaa. `CEC Switch` niliuacha, `One key power off` niliuacha ili nikizima runinga boksi nalo lilale, nikazima `One key play` tu. Kwenye vifaa vingine huo wa mwisho huandikwa `One touch play`.

PlayStation 4 haina uchaguzi huo, ina swichi moja tu, `Enable HDMI Device Link`, ama yote ama hakuna. PlayStation 5 imevitenganisha, na unaweza kuzima `Enable One-Touch Play` ukaacha mengine. Nimeyataja haya kwa sababu amri zinaweza kwenda upande wa pili pia: ukihama kwenye menyu ya runinga na kupita juu ya HDMI 3, runinga inaweza kuliita tundu hilo, na mashine ya michezo ikaamka hakuna anayetaka kucheza. Vilevile kuzima. Runinga ikilala hutangaza `0f:36`, yaani "wote mlale", na kifaa chochote kinachotii kitalala. Kijana wangu aliwahi kuninunia jioni nzima kwa sababu nilizima runinga na mchezo wake ukakatika katikati. Mashine haikuharibika, ilitii amri.

Kuna maboksi ya bei rahisi yanayokuonyesha swichi ya `One key play` lakini yakiamka yanasema vilevile. Ukizima na jaribio la swichi ya ukutani bado likaamsha runinga, usipoteze muda kwenye menyu. Kuna viunganishi vidogo vya HDMI vinavyopitisha kila kitu isipokuwa pini ya 13. Weka kimoja kati ya boksi na runinga tu, saundbaa iache ilivyo. Boksi litakuwa bubu, nawe utahitaji rimoti yake.

Tatizo la kinyume nalo lipo: siku moja hakuna kinachomsikia mwenzake, rimoti haiendeshi chochote, na menyu zote zimewashwa. Waya ni mmoja, kwa hiyo kifaa kimoja kilichokwama kikiushikilia wote wananyamaza. Kuzima kwa rimoti hakusaidii, maana vifaa vinabaki vinasikiliza. Zima ukutani, chomoa nyaya zote za HDMI, kaa dakika chache, rudisha runinga kwanza kisha kimoja kimoja. Maongezi yakikatika tena baada ya kuchomeka kifaa fulani, umempata.

Tangu nizime mstari ule mmoja umeme umeshakatika na kurudi mara nyingi. Boksi linawaka taa yake ya buluu gizani na runinga inabaki imelala. Nikitaka kuangalia boksi, nawasha runinga kwa rimoti yake na kuchagua HDMI 2, boksi linaitika. Mama mkwe nilimweleza yote haya kwa simu, hadi pini ya 13. Alinisikiliza vizuri. Alipokuja Desemba, kabla ya kulala alikwenda moja kwa moja ukutani akachomoa plagi.