Kimya baada ya swali la muuguzi: kipime vipi, ukiandike wapi

*"Assalamu alaykum. Natafiti mazungumzo ya wauguzi na kina mama kwenye kituo cha afya huku Pemba. Nimesharikodi na kunukuu maneno yote, lakini msimamizi kanirudishia, anasema niweke vimya na zamu za kuzungumza kwa mtindo wa Jefferson. Kuna programu inayokata vimya yenyewe. Je, inatosha? Na kila kimya nikiandike wapi, kwa nani?"*

Waalaykumu salaam. Programu peke yake haitoshi, ila usiitupe. Mie nimenukuu mazungumzo ya kliniki Unguja na huko kwenu Pemba, na ningekushauri uanze na suala lako la mwisho. Ukishajua kimya ni cha nani, kukipima ni kazi ndogo.

Mtindo wa Jefferson ni alama za kunukuu mazungumzo jinsi yalivyosemwa. Gail Jefferson alizibuni akifanya kazi na Harvey Sacks na Emanuel Schegloff, na makala yao ya 1974 ndiyo iliyoeleza jinsi watu wanavyopokezana zamu. Kwa kazi yako linalohitajika ni hili. Msemaji akifika mahali ambapo kauli yake inaweza kuishia, na ameshamteua mwenziwe kwa kumuuliza swali, basi aliyeulizwa ndiye anayetarajiwa kusema. Kimya kikiingia hapo ni cha aliyeulizwa, hata kama hakufungua mdomo. Kikiingia kabla kauli haijatimia, ni cha msemaji mwenyewe, na unakiandika ndani ya mstari wake. Cha baina ya zamu kinapewa mstari peke yake, bila ya jina.

Linaonekana jambo la karani tu, mpaka ukutane na kipande kama hiki. Ni mama aliyemrudisha mtoto, muuguzi anauliza habari za dawa, na tarakimu za kwenye mabano ni sekunde za kimya:

```
1  Muuguzi:  dawa za mwanzo kamaliza zo:te?
2            (0.9)
3  Muuguzi:  au zimebaki.
4            (0.2)
5  Mama:     zimebaki kidogo.
```

Wengi wangeandika mstari mmoja: "Dawa za mwanzo kamaliza zote (0.9) au zimebaki?" Ukiandika hivyo umepata muuguzi aliyeuliza swali refu lenye machaguo mawili, akavuta pumzi katikati. Mama naye anaonekana kajibu mara moja, bila ya tatizo. Ukiliandika kama nilivyoliandika hapo juu, unaona jengine kabisa: swali lilikuwa limeshakwisha, lilielekea kwenye jibu la "ndio, kamaliza", na jibu hilo halikuja. Muuguzi akaligeuza swali lake, na mama akapata kukiri kwamba zimebaki kwa njia ya kukubaliana naye. Jibu ambalo swali halikulielekea kwa kawaida huchelewa, na kuchelewa kwenyewe mwenzio hukusoma kabla hujatamka neno.

Utajuaje sasa kwamba swali lilikuwa limekwisha kwenye "zote"? Kiswahili hakibadilishi mpangilio wa maneno kwa swali la ndio au siyo, kwa hiyo mara nyingi sauti ndiyo inayobeba swali lote. Sikiliza silabi ya pili kutoka mwisho: hapa imevutwa, ndiyo maana nimeweka nukta mbili, na sauti ikamalizia juu. Angekuwa anaelekea kwenye "au", sauti ingebaki inaning'inia bila kufunga. Na tafadhali, alama ya kuuliza katika mtindo huu ni sauti iliyopanda mwishoni, haina uhusiano na sarufi. Mstari wa 3 ni swali lakini sauti ilishuka, kwa hiyo umepata nukta. Nukuu nyingi za wanafunzi zina alama ya kuuliza kila penye swali, na hapo ushahidi wote wa sauti unapotea.

Kisha tazama video. Muuguzi alikuwa amenyanyua macho kwenye kadi, anamtazama mama, anangoja. Lau angekuwa anaandika, ningekuwa na wasiwasi, kwa sababu kimya cha mtu anayeandika huenda hakimsubiri mtu yeyote.

Haya, kupima. Kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, amri ya `To TextGrid (silences)...` inatenganisha sauti na kimya kwa kuangalia nguvu ya sauti, basi. Haijui nani anasema. Feni ikivuma, kunguru wakilia juu ya bati au mtoto wa benchi la nje akianza kulia, kimya kinakuwa "sauti". Kinyume chake, pumzi ya mama anayevuta ili ajibu inahesabiwa kimya, ilhali pumzi hiyo ni dalili kwamba anaanza kuichukua zamu. Iandike `.hh` baada ya kimya. Mie naitumia programu inioneshe mahali pa kwenda kutazama, halafu mipaka naiweka kwa mkono, nikitazama mchoro wa wimbi huku nasikiliza.

Kuna mtego mmoja wa konsonanti. Neno likianza kwa p, t au k, njia ya pumzi kinywani inafunga kwanza na hakuna sauti mpaka iachie. Kufunga huko kunaweza kukaribia sehemu ya kumi ya sekunde, na kwenye mchoro huwezi kukutofautisha na kimya. Chagua kanuni moja, mimi napima hadi pale pumzi inapoachiwa, iandike kwenye sura ya mbinu na uifuate kote. Kwa sababu hiyohiyo usiandike 0.87. Andika 0.9. Kisichofika 0.2 ni nukta ndani ya mabano, `(.)`.

Je, 0.9 ni kirefu? Utafiti wa lugha kumi uliotoka 2009 ulikuta majibu ya maswali ya ndio au siyo yanakuja kwa wastani wa takriban 0.2 ya sekunde, na kila lugha ina mwendo wake kidogo. Kiswahili hakimo katika hizo kumi, kwa hiyo usiichukue 0.2 kuwa kipimo cha kina mama wa Pemba. Walinganishe na wao wenyewe. Mna bahati kwamba kwenu hakuna anayeingia kliniki bila ya kuamkiana: pima "shikamoo" na "marahaba" na "hali yako" za wawili haohao, kisha maswali mepesi ya jina na shehia. Pale nilipopima, hayo yalijibiwa karibu bila mwanya, mara nyengine sauti zikapandana, na ndipo 0.9 ya mstari wa 2 ikasimama peke yake.

Usiandike kwamba mama "aliona haya" au "aliogopa". Kimya hakikuambii hivyo. Unachoweza kuonesha ni kwamba muuguzi alikichukua kuwa ni dalili ya "hapana", na ushahidi ni "au" yake. Kusanya visa vya namna hiyo, na zaidi vile vinavyokataa: muuguzi aliyengoja bila kuligeuza swali, au aliyeligeuza kisha mama akasema "aa, kamaliza". Hivyo ndivyo vitakavyokulazimisha kuirekebisha hoja yako.

La mwisho ni vile vipande ambavyo kamera ilimkosa mama. Kutikisa kichwa ni jibu, na kwenye sauti peke yake kunasikika kimya. Vipande hivyo vinukuu, andika pembeni kwamba mama haonekani, lakini usivitie kwenye mkusanyiko wa majibu yaliyochelewa.